Chupa za Asali Kutoka Kibwezi: Nani Achukue, Zifungwe Vipi, na Je, Bima Inafaa?



Asali ya Ukambani ina wapenzi wengi pwani, na ya Kibwezi imejipatia jina. Familia nyingi zetu huagiza katoni moja au mbili kutoka kwa jamaa au wafugaji wa nyuki wa huko, hasa Ramadhani inapokaribia. Bei ya asali hujulikana, na nauli ya mzigo hujulikana. Lisilojulikana ni katika chupa 12 zilizotoka Kibwezi, ni ngapi zitafika Mombasa zikiwa nzima. Juma hili tumekusudia kulieleza jambo hilo hatua kwa hatua: mchukuzi, ufungaji, na ile ada ya bima ambayo karani huitaja wakati wa kuandika risiti. Tumechukua mfano wa asali, lakini asemaye chupa amesema pia vikombe vya harusi, taa za vioo na kila kivunjikacho.

Mzigo hupita mikono mingapi?

Watu wengi huchagua mchukuzi kwa nauli au kwa mwendo. Kwa kitu kivunjikacho, swali la kwanza ni jingine: katoni hii itainuliwa na kutuliwa mara ngapi kabla ya kufika? Chupa haivunjwi na kilomita. Kutoka Kibwezi hadi Mombasa ni takriban kilomita 300 za lami, na chupa iliyotulia mahali pake huzimaliza bila ufa. Kinachoivunja ni kule kuangushwa, na kuangushwa hutokea mzigo unapopita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Kibwezi ina hali yake. Mji uko karibu na barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, na mabasi mengi yapitayo hapo yametoka Nairobi yakiwa na buti zilizojaa. Ukimpa utingo katoni pale njia panda, basi halizimi injini. Buti hufunguliwa, mzigo husukumwa palipo na nafasi, na mara nyingi nafasi hiyo ni juu ya mizigo mingine, karibu na mlango. Mzigo uliokaa mlangoni ndio unaotolewa nje kila mara abiria anaposhuka Mtito Andei, Voi au Mariakani ili lake lipatikane, kisha ukarudishwa. Basi ni moja, lakini mikono imekuwa mitano au sita, na yote ina haraka.

Kampuni ya vifurushi yenye ofisi na karani hufanya kazi kwa njia nyingine. Mzigo hupimwa, huandikwa, huwekwa rafuni na kungoja gari lake. Huenda ukachelewa siku moja. Huenda pia ukapelekwa kwanza kwenye ghala kubwa ili upangwe upya, na hapo mikono huongezeka. Kwa hivyo jina la kampuni peke yake halitoshi. Ni lazima kuuliza, na maswali ni manne. Je, mzigo utakwenda moja kwa moja au utapitia ghala jingine? Usiku utalala wapi? Atakayeupokea Mombasa ataukuta ofisini au atasubiri basi barabarani? Na la nne, ambalo ni muhimu kuliko yote: masharti yaliyo nyuma ya risiti yasemaje kuhusu vioo na vitu vya majimaji?

Tunalikazia swali hili la nne kwa sababu wachukuzi wengi hupokea chupa kwa mikono miwili na huku masharti yao yanasema kwamba hawatalipa chochote zikivunjika. Maneno hayo huwa ya herufi ndogo, na mtu huyasoma baada ya msiba. Yasomwe kabla. Ikiwa vioo vimetengwa, mtu ajue tangu mwanzo kwamba tegemeo lake ni ufungaji wake mwenyewe.

Nchini Kenya anayesafirisha vifurushi kwa malipo hutakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na sharti hili huzihusu pia kampuni za mabasi zinazofanya biashara ya vifurushi. Faida ya leseni kwa mteja ni kwamba kuna mlango wa pili wa kubisha. Lalamiko hupelekwa kwanza kwa kampuni yenyewe kwa maandishi, na lisiposikilizwa hupelekwa kwa Mamlaka. Aliyempa utingo mzigo kwa shilingi mia mbili bila risiti hana mlango wa kwanza wala wa pili.

Iko na njia ya tatu, ambayo watu huisahau. Treni ya Madaraka inayosimama vituo vya kati hupita Kibwezi. Jamaa anayesafiri akiiweka katoni miguuni pake, mikono iliyoigusa ni miwili tu. Kwa katoni moja ya zawadi, kumngoja msafiri amwaminiye mtu huenda kukawa bora kuliko nauli zote.

Kwa nini chupa huvunjika

Ili kufunga vizuri, ni vema kufahamu kinachotendeka chupa inapoanguka. Tuchukue chupa ya kioo yenye nusu kilo ya asali. Pamoja na kioo chake, uzito wake hukaribia gramu 700. Katoni ikianguka kutoka mlango wa buti, tuseme sentimita 80, chupa huja na mwendo ambao lazima uzimwe mahali fulani. Ukizimwa ndani ya sentimita moja tu, kwa sababu chini yake pana karatasi mbili za gazeti, nguvu inayoibana chupa, kwa makisio, ni mara 80 ya uzito wake. Ni kama kuiwekea juu mzigo wa kilo 56 kwa ghafula. Ukizimwa ndani ya sentimita nne za kitu laini, nguvu hiyo hushuka hadi mara 20, yaani kilo 14, na kioo cha kawaida hustahimili.

Basi kazi yote ya ufungaji ni kuipa chupa nafasi ya kusimama polepole. Kitu laini sana hakifai, kwa kuwa hulala chote mara moja na chupa ikagonga chini. Kitu kigumu sana hakifai, kwa kuwa hakilali kabisa. Kinachotakiwa ni kitu kinachobonyea kidogo kidogo na kurudi.

Sababu ya pili ni chupa kugongana zenyewe. Hii pia huvunja nyingi, na wala haihitaji basi kwenda kasi. Kioo kikigonga kioo hakuna kinachobonyea, na pigo dogo hutosha kutia ufa shingoni au kwenye ukingo wa kitako.

Sababu ya tatu ni kubanwa. Ndani ya buti, katoni yako itabebeshwa gunia la pojo au kreti ya soda. Katoni yenye uwazi juu hubonyea, na kifuniko cha chupa ndicho kinachoubeba mzigo.

Katoni ya chupa 12, kuanzia kioo hadi utepe

Tuanze na chupa yenyewe. Isijazwe hadi mdomoni. Iachwe nafasi ya upana wa kidole. Sakafu ya buti juu ya lami ya mchana ni moto, na asali ikipata joto hutanuka na kuwa nyepesi kama maji ya sukari, ikatafuta njia kwenye nyuzi za kifuniko. Kipande cha nailoni safi huwekwa mdomoni kabla ya kifuniko kukazwa, kisha kifuniko huzungushiwa utepe wa kunata. Baada ya hapo kila chupa hutiwa katika kifungashio chake kisichovuja na kufungwa. Haya hayaizuii chupa kuvunjika, lakini huzuia chupa moja iliyovunjika isiharibu 11 zilizobaki, kwa maana chupa nzima iliyopakwa asali na vigae haiuziki wala haipewi mgeni.

Pili ni viwambo. Chupa 12 hupangwa safu nne kwa tatu, zikiwa zimesimama, na kati ya kila chupa na jirani yake pawe na ukuta wa katoni. Viwambo hivi hukatwa kutoka katoni kuukuu: vipande virefu viwili na vifupi vitatu, kila kimoja kikachanjwa hadi nusu ili vipandane. Chupa zenye upana wa sentimita 8 zitataka katoni ya ndani yenye urefu wa sentimita 34, upana wa 26 na kimo cha 12 hivi. Chupa ziingie kwa kubana kidogo. Zikichezacheza, zizungushiwe karatasi.

Tatu ni katoni ya nje. Iwe pana kuliko ya ndani kwa sentimita 5 kila upande, juu na chini pia. Kwa mfano wetu ni sentimita 44 kwa 36 kwa 22. Iwe ya tabaka mbili za mawimbi. Ukiitazama ukingoni utaona mistari miwili ya mawimbi, si mmoja. Katoni iliyowahi kulowa isitumike hata ikiwa imekauka, maana mawimbi yake yamekwisha kulegea. Kona ya katoni ibonyezwe kwa kidole gumba. Ikikubali kwa urahisi, iachwe.

Nne ni kujaza zile sentimita 5. Hapa Kibwezi na pwani vifaa vipo bila gharama kubwa. Trei za mayai ni hodari kabisa: zimeumbwa kwa vilima na mabonde, nazo hubonyea polepole. Trei zilizokatwa hupangwa chini, kando na juu. Magazeti yaliyofinyangwa mapumba magumu hufaa pia, lakini hulala kwa kubanwa, kwa hiyo yajazwe mpaka kifuniko cha katoni kifungike kwa kushikizwa. Vumbi la mbao tunalikataza. Kwa mtikisiko wa njia humiminika chini, na mzigo unapofika Voi nusu ya juu ya chupa iko wazi. Nyasi kavu huleta sisimizi, na sisimizi na asali wanajuana.

Tano ni utepe. Ufungwe kwenye maungio yote ya juu na ya chini, katikati na kwenye kingo mbili, ili kifuniko kisipasuke kona. Kamba ya mkonge ikizungushwa juu yake ikaacha mahali pa kushika, utingo atainua mzigo kwa kamba badala ya kuuburura.

Kuhusu maandishi ya tahadhari, yaandikwe, ila yasitegemewe. Ndani ya buti yenye giza hakuna asomaye. Linalosaidia zaidi ni uzito. Katoni ya chupa 12 iliyofungwa hivi hukaribia kilo 10. Mtu huinua kilo 10 kwa mikono miwili na kuziweka. Ya kilo 2 huirusha, na ya kilo 25 huiachia. Kwa hiyo chupa 24 ni katoni mbili, si moja.

Mwisho wa yote ni majaribio. Katoni itikiswe karibu na sikio. Ukisikia mgongano wowote, ifunguliwe upya. Anayepeleka mara kwa mara ajaze chupa moja mchanga mkavu, ambao uzito wake unakaribia ule wa asali au kuuzidi kidogo, aifunge kwa ufungaji uleule pamoja na chupa nyingine za mchanga, kisha aiangushe katoni kutoka kimo cha kiuno, mara moja kwa kitako na mara moja kwa kona. Ni bora chupa ya mchanga ivunjike nyumbani kuliko ya asali ivunjike njiani.

Je, ada ya bima ilipwe?

Sasa karani anauliza: mwakata bima? Kabla ya kujibu, nasi tumuulize: bima hiyo ni nini hasa? Mara nyingine ni hati ya kampuni ya bima. Mara nyingine ni kuongeza tu kiwango ambacho mchukuzi mwenyewe atalipa, kwa kadiri ya thamani mliyoitaja. Vyote huitwa bima kaunta, lakini masharti yake si mamoja.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme chupa moja ni shilingi 500, katoni ya chupa 12 ni shilingi 6,000, na ada ni shilingi 2 kwa kila 100, yaani shilingi 120 kwa safari. Tuseme pia masharti yanataka shilingi 1,000 za kwanza za hasara azibebe mwenye mzigo. Basi chupa mbili zikivunjika, hasara ni 1,000 na malipo ni sifuri. Zikivunjika tatu, malipo ni 500. Ikipotea katoni nzima, malipo ni 5,000.

Hasara ya kawaida ya asali ni chupa moja au mbili, na hiyo bima hii haiigusi kabisa. Inachokinga ni katoni kupotea yote. Ukigawanya 5,000 kwa 120 utapata 41 na kitu. Maana yake ni kwamba ada hulipa tu ikiwa katika kila safari 41 hivi katoni moja hutoweka. Kama mchukuzi hupoteza mizigo kiasi hicho, dawa ni kumbadilisha, si kumkatia bima. Zaidi ya hayo, kampuni ina haki ya kukataa dai ikionekana mzigo haukufungwa ipasavyo, na aliyefunga ipasavyo ndiye mwenye haja ndogo ya dai.

Lakini mfano mwingine hugeuza hukumu. Familia inapeleka Kibwezi runinga ya shilingi 40,000, na ada kwa kiwango kilekile ni 800. Hapa hakuna safari 41. Ni safari moja, na kuipoteza ni kupoteza akiba ya miezi. Hapo kulipa 800 kunaeleweka, kwa sharti kwamba hati inataja kuvunjika kwa kioo na si wizi peke yake, na thamani iliyoandikwa ni ya kweli. Anayeandika 10,000 ili apunguze ada atalipwa kwa hesabu ya 10,000. Basi kanuni yetu ni hii: hasara ndogo zinazojirudia, mtu azibebe mwenyewe, hasara moja ambayo hawezi kuibeba, atafute wa kumsaidia kuibeba.

Wasomaji wetu watauliza upande wa sharia. Baraza la kimataifa la fiqhi lilipokutana Jeddah mwezi wa Disemba 1985 liliamua kwamba bima ya kibiashara ya ada maalumu ina gharari kubwa na haijuzu, na kwamba mbadala wake ni bima ya ushirikiano, iliyosimama juu ya kuchangiana. Wako wanavyuoni wa zama hizi wenye rai nyingine. Kwa katoni ya asali mbadala huo u karibu kuliko tudhaniavyo. Wafugaji kumi wanaopeleka mizigo wakiweka zile shilingi 120 za kila safari katika mfuko wao wenyewe, na kila mmoja akapeleka mara mbili kwa mwezi, kwa mwezi mmoja wana 2,400 na kwa miezi mitatu 7,200. Hizo hulipa katoni nzima na zaidi, na hulipa pia ile chupa moja ambayo hakuna kampuni ingeijali. Kinachobaki mwisho wa mwaka ni chao.

Hasara ni ya nani?

Jambo la mwisho ndilo linalovunja udugu. Chupa zimevunjika njiani: alipe muuzaji au mnunuzi? Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu pwani twayafuata, bidhaa ikiangamia kabla ya mnunuzi kuikabidhiwa, hasara ni ya muuzaji. Sheria ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa, kwa upande wake, kwa kawaida huhesabu kwamba kumkabidhi mchukuzi ni kama kumkabidhi mnunuzi, ikiwa mnunuzi ameagiza apelekewe. Na mchukuzi naye, kwa rai yenye nguvu kwa Mashafi, ni mwaminiwa asiyelipa ila akizembea. Wamaliki huwabebesha wachukuzi wa chakula dhamana zaidi. Njia hizi zikikutana bila makubaliano, kila mtu atashika inayompendeza. Basi yaandikwe kwa ujumbe mfupi kabla ya pesa kutumwa: ikivunjika njiani, ni ya nani? Mstari mmoja watosha.

Na ili uzembe uthibitike, lazima pawe na ushahidi. Mpelekaji apige picha chupa zikiwa ndani ya viwambo, na katoni ikiwa mizanini. Mpokeaji asitie saini kwanza. Aitazame katoni kama ina kona iliyobonyea au doa la kunata, aitikise, ainuse. Akiwa na shaka aifungue mbele ya karani na aandike juu ya risiti kwamba mzigo umepokewa ukiwa na hitilafu, ndipo atie saini. Vigae na katoni visitupwe mpaka dai limalizike, na dai lipelekwe ndani ya muda ulioandikwa kwenye masharti, ambao mara nyingi ni mfupi. Aliyetia saini kimyakimya akaondoka ameshuhudia kwa mkono wake kwamba kila kitu kilikuwa kizima.

Wabillahi tawfiq.